Nyuzi moja tu: joto la mashine ya kutotolesha na vifaranga vinavyofia kwenye ganda

Wiki hii nimepokea simu tatu zenye swali moja: "Kaka, mashine yangu inasoma 37.5 kama ulivyosema, mbona mayai yanavizia ndani?" Badala ya kujibu mmoja mmoja, nimeona niwaandikie kisa cha kijana mmoja wa hapa hapa Nangurukuru, kwa sababu mashine yake ilipitia makosa mawili yaliyo kinyume, la baridi na la joto, na kila moja liliacha alama zake. Ukizijua alama hizo, mayai yaliyokufa yenyewe yatakwambia kosa liko wapi.

Kijana huyu ana banda la chotara nyuma ya nyumba, si mbali na njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Alitengenezewa mashine ya plaiwudi yenye trei mbili, balbu nne za moto, feni ndogo, na kile kidhibiti joto chenye namba nyekundu ambacho wengi wenu mnacho, W1209. Mashine inabeba mayai 120. Mwezi wa kwanza aliweka mayai 100, akaweka namba kwenye 37.5 na kumwahidi mama mmoja wa Masoko vifaranga 60. Mama akatanguliza nusu ya hela.

Siku ya 7 alipima mayai kwa tochi, akatoa 12 yaliyokuwa matupu. Yakabaki 88. Siku ya 21 ikafika, akakaa karibu na mashine hadi usiku bila kusikia mlio wowote. Siku ya 22 jioni ndipo ganda la kwanza likadonolewa. Vifaranga viliendelea kutoka kimoja kimoja mpaka siku ya 23 usiku, na mwisho wake akapata 37. Vingi vilikuwa na tumbo kubwa, laini kama kifuko cha maji, manyoya yamegandamana, vinalala tu. Mama wa Masoko alikuja, akaviangalia, akasema, "Mwanangu, hivi mimi sichukui." Akarudishiwa hela yake.

Hapo angenipigia simu ningefurahi. Hakupiga. Rafiki yake mmoja alimwambia mashine ina baridi, aongeze nyuzi mbili. Akaongeza mpaka 39.5, akaweka mayai 100 mengine. Safari hii siku ya 7 alitoa 20: 9 matupu, na 11 yana mviringo wa damu ndani. Yaliyobaki ni 80. Siku ya 19 mchana vifaranga vikaanza kutoka. Alifurahi sana, akadhani amepatia. Lakini vilitoka 33 tu, vidogo, vyembamba, vitovu vimeachama, na wiki haikuisha kabla 12 havijafa. Ndipo akanipigia.

Kwa hiyo tunazo raundi mbili, moja ya 37.5 kwenye kioo na nyingine ya 39.5 kwenye kioo, na zote mbovu. Kabla sijawaambia nilichokikuta ndani, tuelewane kwanza yai linataka nini.

Mashine yenye feni inatakiwa iwe na joto kati ya nyuzi 37.5 na 37.8 za Sentigredi kuanzia siku ya kwanza hadi ya 18. Kama kipimajoto chako ni cha Farenhaiti, hiyo ni 99.5 hadi 100. Siku tatu za mwisho, mayai yakishahamishiwa kwenye trei ya kutotolea, unaweza kushusha kidogo hadi 37.0 au 37.2. Kwa wale wenye boksi lisilo na feni namba ni nyingine. Humo hewa ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini, kwa hiyo unapima usawa wa mgongo wa yai, na pale juu unatafuta 38.3 hadi 38.8 ili katikati ya yai pawe sawa. Vijana wengi huchukua namba ya mashine ya feni na kuipeleka kwenye boksi lisilo na feni, halafu wanashangaa vifaranga vinachelewa.

Wengine huniambia: kuku mwenyewe ana joto la nyuzi 41, kwa nini tusiweke 41? Ni kweli kuku ana karibu 41 mwilini. Lakini yai halipo ndani ya kuku, lipo chini yake. Upande mmoja linagusa ngozi ya kifua, upande mwingine linagusa majani ya kiota, na joto linalolifikia ndani linazunguka kwenye 38. Halafu kila siku kuku anashuka kwenda kula na kunywa, dakika ishirini hivi, mayai yanapoa kidogo, akirudi anaendelea. Hayafi. Likumbukeni hilo la kupoa, nitalirudia.

Kinachopimwa hasa ni joto la yai lenyewe, wala si la hewa. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi waliyofanya kwa kupima joto la ganda badala ya hewa. Kati ya mipango ya joto waliyoilinganisha, ganda lililokaa kwenye 37.8 mwanzo hadi mwisho ndilo lililotoa matokeo bora. Kwa nini ganda na si hewa? Kwa sababu siku tisa hivi za kwanza kifaranga ni kidogo sana, yai linapokea joto kutoka kwenye mashine. Baada ya hapo mambo yanageuka. Kifaranga kimekua, moyo unadunda, mwili unachoma chakula, na sasa yai linatoa joto lake. Ukifika siku ya 16, 17, 18, mayai 100 yaliyojazana ni kama jiko dogo. Hewa inaweza kusoma 37.5 na ganda likawa limeshapita 38. Mashine ambayo feni yake imejaa vumbi inaonekana nzima wiki ya kwanza, halafu inaua wiki ya tatu.

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Nilipofika nilimwomba asizime chochote. Nilikuwa na vitu vitatu: kipimajoto cha homa cha kidijitali kilichonunuliwa duka la dawa, chupa ya chai yenye maji ya moto, na kichupa cha dawa ya maji kilichooshwa, cha mililita 100. Hivyo vinatosha kumaliza ubishi wa joto kwenye mashine yoyote.

Kipimajoto cha homa ni kizuri kwa kazi hii kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya joto hili hili. Mwili wa binadamu una 36 hadi 37 na pointi zake, kwa hiyo kipimo hiki hakibahatishi kwenye 37. Vile vya ukutani vya bei nafuu vinaweza kukosea nyuzi nzima na usijue. Ubaya wake ni kwamba hakipimi hewa vizuri. Ndiyo maana tunatumia maji.

Jaribio la kwanza lilikuwa kulinganisha sensa na kipimajoto. Tulichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye chupa ya chai mpaka yakawa ya kuoga mtoto, karibu na 38. Chupa ya chai inashikilia joto, haliporomoki wakati unasoma. Tukafunika ncha ya sensa kwa kifuko chembamba cha plastiki, tukaifunga pamoja na kipimajoto kwa mpira, ncha zote mbili zikiwa zimegusana, tukaingiza kwenye maji na kukoroga polepole. Kipimajoto kilipolia kilisoma 37.4. Kioo cha mashine wakati huo huo kilisoma 38.3. Tukarudia mara tatu, maana kipimo kimoja si kipimo. Tofauti ilibaki ile ile, 0.9.

Yaani sensa ilikuwa inajiona ina joto zaidi ya lililopo. Iliposema 37.5, ukweli ulikuwa 36.6. Iliposema 39.5, ukweli ulikuwa 38.6. Raundi ya kwanza mayai yalikaa siku zote hizo chini ya kiwango kwa karibu nyuzi moja, na raundi ya pili yakakaa juu ya kiwango kwa nyuzi moja. Jamani, angalieni vizuri hapo: nyuzi moja huku, nyuzi moja kule, na kati ya mayai 200 kijana aliuza vifaranga wachache wasiofika hata kwenye oda moja.

Jaribio la pili lilikuwa la kichupa. Nilikijaza maji, nikakifunga kizibo, nikakilaza katikati ya trei na kukiacha hadi asubuhi. Maji ndani ya kichupa hufanya kama yai. Hayarukiruki balbu inapowaka na kuzima, yanachukua wastani. Ukifungua unaingiza kipimajoto haraka, na ni vizuri kipimajoto chenyewe nacho kiwe kimelala humo ndani, kimezimwa, ili ncha yake isije na ubaridi wa nje. Asubuhi kichupa kilisoma 38.6 huku kioo kikionyesha 39.5. Majaribio mawili tofauti, jibu moja. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kosa ni la sensa.

Tulipasua mayai yaliyobaki kwenye raundi ya pili. Watu wengi hawapendi kazi hii kwa sababu ya harufu, lakini mimi nawaambia yai lisilotoka ndiyo ripoti yako ya maabara ya bure. Ndani tulikuta vifaranga vilivyokamilika vilivyofia ganda bila kudonoa, vingine vimegeuka, kichwa kiko upande mwembamba wa yai badala ya kuwa upande wenye nafasi ya hewa. Kimoja fuvu lilikuwa halijafunga. Na kwenye vilivyotoka hai tayari tulishaona vitovu vilivyoachama, na magoti, pale mguu unapokunjikia nyuma, yana wekundu kama yamesuguliwa. Hizo zote ni alama za joto kuzidi. Mviringo wa damu kwenye 11 yale ya siku ya 7 nao unasema jambo hilo hilo: kiinitete kilianza, mishipa ikatandaa, halafu kikafa mapema. Ingawa hapo niwe mkweli, mviringo wa damu unaweza pia kuletwa na mayai yaliyokaa sana kabla ya kuwekwa. Ndiyo maana huangalii alama moja ukahukumu. Unaangalia alama pamoja na saa ya kutoka.

Saa ya kutoka ndiyo shahidi mkubwa. Hesabu yake ni rahisi: ukiweka mayai Jumatatu jioni, Jumanne jioni ndiyo umemaliza siku moja, na siku 21 zinaangukia Jumatatu jioni ya wiki ya tatu. Joto likizidi kwa nusu nyuzi hadi nyuzi moja, vifaranga vinakimbilia kutoka kabla ya hapo, siku ya 20 au hata ya 19. Kifaranga kimeharakishwa kukua, lakini kiini cha ndani hakijamaliza kufyonzwa, kitovu hakijapata muda wa kufunga, na vijidudu vinaingilia hapo. Ndiyo maana vinakufa wiki ya kwanza na wewe unalaumu chanjo. Joto likipungua kwa kiasi hicho hicho, vinachelewa siku moja hadi mbili, na vinatoka kwa kujivuta, leo vitatu, kesho vitano. Vinakuwa na tumbo kubwa, kwa sababu kiini kimebaki kingi, na havina nguvu. Vingi zaidi vinabaki ndani, vimekamilika, kiini bado kiko nje ya tumbo. Nilipomsomea kijana hizi alama za baridi aliniangalia tu. "Ndiyo vile vya mama wa Masoko," akasema.

Kuna hali ya tatu. Vifaranga vinaanza mapema na vinamaliza kwa kuchelewa, yaani vya kwanza vinatoka siku ya 20 na vya mwisho siku ya 22. Hapo wastani wa mashine unaweza kuwa sawa kabisa, ila ndani kuna kona ya moto na kona ya baridi. Au umechanganya mayai ya jana na mayai ya wiki iliyopita.

Kurekebisha kidhibiti kulichukua dakika mbili. Kwenye W1209 unabonyeza SET na kushikilia sekunde tano hivi, inatokea P0. Unabonyeza + mpaka ufike P4, unabonyeza SET, halafu unapunguza kwa − hadi isome -0.9. P4 ni ya kusahihisha sensa. Kama sensa yako inasoma juu kuliko ukweli unaweka namba ya kutoa, na kama inasoma chini unaweka ya kujumlisha. Baada ya hapo tukarudisha joto la kufanyia kazi kwenye 37.5. Wakati upo hapo hapo angalia P1, ambalo ni pengo kati ya balbu kuzima na kuwaka tena. Vingi vinatoka dukani vikiwa na 2.0, maana yake joto linapanda na kushuka nyuzi mbili nzima na wastani wako hauko pale unapodhani. Cha kijana fundi alishakipunguza hadi 0.3, na hapo fundi alifanya kazi nzuri. Joto kucheza nusu nyuzi ndani ya dakika chache halilisumbui yai, kwa sababu yai ni zito na linapoa taratibu. Kinacholiumiza ni wastani uliokosea usiku na mchana kwa siku 21.

Tulipomaliza hapo sikumruhusu aweke mayai. Nilimwambia tuijaribu mashine tupu, siku nzima, na vichupa vitatu: kimoja katikati, kimoja kona ya juu karibu na balbu, kimoja kona ya chini karibu na mlango. Cha katikati kilisoma 37.5. Cha juu 38.1. Cha chini 36.9. Unaona? Trei moja ilikuwa Dodoma ya mchana na nyingine Makete. Feni ilikuwa imefungwa ikipuliza moja kwa moja kwenye mayai ya katikati, na hewa ya balbu inabaki imesimama juu. Tukaihamisha nyuma ya balbu ili isukume hewa ya moto ishuke ukutani na kurudi kwa chini, tukaziba upenyo wa mlango kwa sponji. Kesho yake kona ya juu ilisoma 37.7 na ya chini 37.3. Hiyo nikaikubali. Mashine ya plaiwudi haitakuwa sawa kila kona, lakini ukibadilishana trei za juu na chini kila siku ya kugeuza, tofauti ya pointi nne inajifuta yenyewe.

Raundi ya tatu aliweka mayai 100, siku ya 7 akatoa 10. Vifaranga vilianza usiku wa siku ya 20, na siku ya 21 jioni vilikuwa vimemaliza. Vilitoka 79 kati ya 90, vikavu, vitovu vimefunga, vinakimbia. Mama wa Masoko alichukua 60 yake.

Sasa nizungumzie jambo linalotuhusu sisi wa ukanda huu zaidi ya watu wa Njombe. Kiinitete hakisubiri mashine ndipo kianze kukua. Kinalala kabisa pale tu yai linapokuwa chini ya nyuzi 20 au 21 hivi. Ndiyo maana wataalamu wanasema mayai ya kutotolesha yahifadhiwe kwenye 13 hadi 18. Hapa kwetu miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba cha bati kinaweza kuwa na 30 mchana. Yai linalokaa humo siku saba halijalala wala halijaamka. Linakua kidogo mchana, linasita usiku, na likija kuingia mashine limeshachoka, linakufa siku mbili tatu za mwanzo. Mfugaji anaona mviringo wa damu, anasema mashine imeunguza mayai. Hapana, yaliharibika chini ya kitanda.

Kwa hiyo okota mayai mara tatu au nne kwa siku, yasikae chini ya kuku wanaotaga. Weka trei chumba chenye hewa, sakafuni upande usiopigwa jua la jioni. Kama huna sehemu ya ubaridi, usikusanye zaidi ya siku tatu au nne, ni bora uingize mayai 60 mapya kuliko 120 ya wiki nzima. Friji ya nyumbani usiitumie kwa mayai haya. Ile ya kuhifadhia samaki na maziwa iko kwenye 4 hivi, nayo inaua.

Na umeme ukikatika, kwanza usifungue mlango kuchungulia. Nilisema mnikumbushe habari ya kuku kushuka kwenye kiota. Yai linavumilia kupoa kuliko kupata moto. Mashine ikishuka hadi 35 kwa saa tatu au nne, unachopoteza zaidi ni muda, vifaranga vitachelewa kidogo. Ikipanda hadi 40.5 kwa robo saa tu, tayari umeshaviumiza vibaya. Hivyo katizo la saa moja au mbili acha mashine imefungwa. Likizidi, chukua chupa za maji ya moto, zifunge kwa kanga, ziweke chini ya trei zisiguse mayai, na kichupa chako cha kipimo kiendelee kukwambia ukweli. Mayai ya wiki ya kwanza ndiyo yanayohitaji chupa hizo zaidi, kwa sababu hayana joto lake.

Mayai ya siku ya 16 na kuendelea ni kinyume. Hapo feni imesimama, mayai yanatoa joto, hewa haizunguki, na nje kwenyewe kuna 31. Ukiyafungia na kuyaongezea chupa za moto unayapika. Hayo fungua matundu ya hewa yote, mlango uachie upana wa kidole, pima kila nusu saa.

Umeme ukirudi, acha namba pale pale ilipokuwa. Kijana alishataka kupandisha hadi 38.5 usiku mmoja "kufidia" saa nne za giza, nikamzuia kwa simu. Alizipata zile saa nne mwishoni, vifaranga vikatoka siku ya 21 usiku wa manane badala ya jioni. Kama una mayai ndani sasa hivi na una wasiwasi na kioo chako, usiguse P4 leo kwa kubahatisha. Tia kichupa cha maji katikati ya trei jioni hii, pima asubuhi, pima na jioni ya kesho, halafu nitumie namba zote mbili pamoja na siku ambayo mayai yamefikia.